Namba ya Nusu Saa

Nianze na mimi, maana wengine wote katika habari hii hawana kosa. Mimi ni nesi wa chumba cha vipimo vya homoni, mwaka wa kumi na nne sasa, na jengo zima hakuna anayenishinda kwa kipimo cha tezi za juu ya figo. Madaktari wapya wanatumwa kwangu wajifunze. Nawafundisha kwa ukali, na wakitoka wananisema, nami nawasikia wala sijali.

Kipimo chenyewe si kigumu. Mgonjwa anakuja asubuhi, namwekea kanula, mrija mdogo wa mshipani, natoa damu ya kwanza saa tatu kamili. Chupa moja ni ya kortisoli, ile homoni inayotolewa na tezi hizo, inayomwezesha mtu kusimama, kustahimili ugonjwa na kushikilia presha yake. Chupa ya pili inakwenda kwenye barafu, ni ya homoni ya kichwani inayoziamrisha tezi zifanye kazi. Halafu nachoma sindano ya amri ya bandia, maikrogramu mia mbili na hamsini, naandika dakika, nasubiri nusu saa, natoa damu tena. Tezi nzima zikipata amri hiyo zinamwaga kortisoli kwa wingi. Kwa mashine ya maabara yetu, namba ya nusu saa ikivuka 450, mtu amepita.

Mdogo wangu tulimwita Chiriku, kwa sababu tangu akiwa mtoto mdomo wake haukuwa na likizo. Alijifungua binti, na baada ya kujifungua damu ikamtoka mpaka presha ikapotea. Walimtia chupa tano za damu. Alipozinduka alikuwa mtu mwingine. Alijibu ukimuuliza, akanyamaza usipomuuliza. Rangi yake ilififia, akawa anasinzia na kijiko mkononi. Maziwa hayakutoka hata tone.

"Huyu mtoto wangu hayuko sawa," mama aliniambia. "Mimi nimezaa mara sita. Naujua uchovu wa uzazi, na huu sio."

Daktari wetu wa homoni tunamwita Taratibu, kwa kuwa ndilo neno lake la kwanza kwa kila mtu. Nilipomweleza habari za damu nyingi na maziwa yaliyogoma, hakusema taratibu. Alisema, "Mlete keshokutwa. Tumpime, na asiondoke kabla sijamwona."

Basi nilimpima mimi mwenyewe, siku ya kumi na mbili tangu ajifungue. Shemeji yangu, fundi wa majokofu, alikaa kwenye benchi la nje amembeba mtoto kifuani, mkono mwingine una chupa ya maziwa. Mama alikaa pembeni yake. Chiriku alilala kwenye kitanda changu, akaniangalia nikigonga mshipa.

"Dada, nikifeli je?"

"Kwani wewe shuleni ulifeli lini?"

Alicheka kidogo. Nilifurahi, maana nilikuwa sijamsikia akicheka tangu alipolazwa.

Majibu yalitoka saa nane mchana. Damu ya kwanza 118. Ya nusu saa 492. Nilisoma ile ya pili nikashusha pumzi mpaka mwenzangu wa maabara akanicheka. Taratibu alikuwa ameitwa wodini, kuna mtu amezimia, na foleni ya watu wanaomsubiri ilifika mlangoni. Chiriku alikuwa amejikunja kwenye benchi, amechoka hoi. Nikatoka na karatasi mkononi.

"Umepita," nikamwambia. "Nenda nyumbani ukalale."

"Na daktari?" shemeji akauliza. "Si alisema tumsubiri?"

"Shemeji, daktari atakuja kusoma karatasi hii hii ninayoisoma mimi. Tezi zake nzima. Ni uchovu na upungufu wa damu, atapona kwa chakula na vidonge vya madini ya chuma."

Mama akasema, "Na maziwa?"

"Mama, hii ni maabara. Mashine haioni huruma wala haibahatishi."

Nilisema hivyo kwa mama yangu, mbele ya watu, kwa sauti ya kumfundisha. Mama akainama kuchukua kikapu chake. Wakaondoka.

Alhamisi, siku mbili baadaye, Taratibu aliniuliza mgonjwa wake yuko wapi. Nikamjibu kwa kujiamini, 492, amepita, yuko nyumbani. Akavua miwani.

"Keti," akasema.

Nikaketi, kitu ambacho sikuwa nimekifanya ofisini kwake kwa miaka.

"Ile sindano yako inauliza swali moja tu. Inaziuliza tezi, mkipewa amri mtaitika? Zimeitika. Sasa hizo ni tezi za mtu aliyekuwa mzima wiki mbili zilizopita. Wafanyakazi bado wapo kazini, wana nguvu zao. Mimi wasiwasi wangu ni kichwani, kwa anayewaita. Damu ikimwagika vile, ile tezi ya kichwani inaweza kufa, na ndiyo inayoamrisha maziwa pia. Wewe umepiga kengele, wafanyakazi wakaja mbio. Nyumbani kwake nani anapiga kengele?"

Akalivuta faili la Chiriku mbele yake.

"Wakikaa wiki nne, sita, bila kuitwa, watasinyaa. Hapo ndipo kipimo chako kitafeli, na si lazima mgonjwa awe hai kukisubiri. Tena angalia ya kwanza. Saa tatu asubuhi, mia na kumi na nane. Ni ndogo. Na mzazi wa juzi bado damu yake ina ile protini ya ujauzito inayoibeba kortisoli, kwa hiyo namba zake zote zinaonekana kubwa kuliko zilivyo. Hata hiyo 492 usiipigie makofi. Mlete kesho tumwanzishie vidonge vya kortisoli. Kipimo tutakirudia wiki ya sita."

"Nitamleta," nikasema.

Nilimpigia Chiriku jioni ile ile. Naikumbuka simu hiyo neno kwa neno na natamani nisingeikumbuka.

"Daktari anataka kukuona," nikasema.

"Kwani vipi? Si ulisema nimepita?"

Nilisikia sauti ya shemeji nyuma yake ikiuliza ni nani, na ya mama ikimbembeleza mtoto. Wote walikuwa pale. Nilikuwa nimewanyamazisha juzi tu, na sasa ilinibidi niseme kwamba nilisoma namba moja nikaacha nyingine, kwamba mama aliyezaa mara sita aliona na mimi sikuona.

"Umepita," nikasema. "Ni kurudia tu, wiki ya sita. Hakuna haraka."

Nilijidanganya kwa ustadi. Nilijiambia Taratibu ni mwoga, ndiyo maana ana jina lile. Nilijiambia safari itamchosha, mtoto ni mchanga, miaka kumi na minne sijawahi kuona aliyepita akazidiwa. Ijumaa Taratibu alishinda wodini, na Jumatatu akaenda likizo ya mwezi mzima. Aliniuliza mlangoni, "Mdogo wako alianza vidonge?" Nikasema anaendelea vizuri. Jibu la ile chupa ya barafu lilikuja wiki iliyofuata kutoka maabara kubwa. Homoni ya kichwani ilikuwa chini. Sikulitia kwenye faili lake, nililiweka kwenye droo yangu nikaifunga.

Huko nyumbani wote waliamini neno langu. Ndugu wakimtembelea na kumkuta amelala, shemeji aliwaambia ameshapimwa, hana kitu, anadeka. Hakuwa mkorofi. Alikuwa anajaribu kumchangamsha mke ambaye nesi amesema ni mzima.

Wiki ya tano alianza kutapika na kuharisha. Kitu cha kawaida, mtaa mzima walikuwa nacho. Walimpeleka zahanati ya karibu, mganga akauliza kama ana ugonjwa wowote mwingine, naye Chiriku mwenyewe akajibu homoni zilipimwa, ziko sawa. Wakamwekea chupa moja ya maji wakamruhusu. Asubuhi hakuamka vizuri. Shemeji alinipigia nikiwa kazini.

Nilimpokea kwenye mlango wa dharura. Presha sitini kwa thelathini. Sukari moja nukta tisa. Chumvi ya damu ilikuwa imeshuka vibaya. Macho yake yalikuwa wazi, hayanitambui.

"Haidrokotisoni, miligramu mia, mshipani, sasa hivi!" nikapiga kelele, nikiitaka kortisoli ya dawa. "Na sukari, na maji ya chumvi!"

Daktari wa zamu, kijana niliyemfundisha mwenyewe, alikuwa amefungua faili. "Lakini sista, hapa imeandikwa kipimo cha tezi ni cha kawaida."

"Mchome!"

"Tusimpime kwanza?"

"Chukua chupa moja ya damu, umchome papo hapo. Mtu akiwa hivi hatusubiri jibu wala nusu saa!"

Alimchoma. Mikono yake ilikuwa mizuri, sina la kumlaumu. Tulimpigania saa mbili. Presha ilipanda kidogo tukatazamana kwa matumaini, kisha ikashuka. Saa tano na robo moyo ulisimama, tukaukandamiza mpaka nikashikwa mabega nikavutwa pembeni.

Jibu la ile chupa lilitoka mchana. Thelathini na nane. Mwili unaokufa kwa mshituko wa presha ungepaswa kumwaga kortisoli zaidi ya mia tano. Hakuna haja ya kupita au kufeli hapo, hata mfagiaji angeisoma.

Siku ya nne baada ya maziko nilikwenda kwa shemeji. Watu walikuwa wametawanyika. Mama alikuwa chumbani na mtoto. Shemeji alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki sebuleni, miguu peku, na aliponiona alianza kulia kwa sauti.

"Mimi ndiye niliyemuua, shemeji. Nilimwambia anadeka. Nilimwambia ainuke afue."

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua ila Taratibu, na Taratibu alikuwa bado hajarudi. Nikaketi sakafuni mbele yake, nikamwambia yote: ile namba ya kwanza, kengele, vidonge, simu ya Alhamisi, jibu la barafu kwenye droo. Nilisema kwa sauti ya kusikika chumbani, maana mama naye alikuwa na haki ya kusikia. Mtoto alikuwa analia, akanyamaza, na mama hakutoka.

Shemeji alifuta uso kwa kiganja.

"Kwa hiyo wiki tatu ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

"Vidonge tu."

"Ndiyo."

Akatazama mlango wa chumbani, kisha akanitazama. Hasira niliyoisubiri haikuja, na ningeipokea kwa mikono miwili.

"Siku moja kabla hajaanza kutapika alishindwa kunyanyua beseni la nguo za mtoto," akasema. "Aliketi chini pale pale. Mimi nikaogopa, nikamwambia twende hospitali. Akakataa. Akaniambia, 'Twende tukafanye nini? Dada amenipima kwa mkono wake. Kama angeona kitu, angeniambia.'"