Mwisho Saa Tisa na Nusu

Mimi nakata lenzi za miwani, na sijisifu bure: nikishaziweka kwenye fremu, hazichezi. Lakini asubuhi ile nilikuwa moto. Shemeji yangu, mume wa dada, ni dereva wa basi, na mwanawe alikuwa ameikanyaga miwani yake. Kesho yake saa mbili asubuhi alitakiwa apimwe macho kazini. Akishindwa, anaondolewa barabarani miezi mitatu bila mshahara.

Namba zake za miwani ni kali, na lenzi za namna hiyo hatuziweki karakanani. Ziko ghala kuu, kwa Mzee Stoo. Nikamwandikia: "HARAKA! HARAKA SANA! NATAKA LEO!"

Saa nzima ikapita bila jibu. Nikapiga simu, mori umenipanda.

"Mzee, ujumbe wangu hukuuona?"

"Nimeuona, mama. Nina HARAKA kumi na tisa hapa mezani. Yako ni ya ngapi?"

"Yangu ni ya kweli!"

"Kila mtu anasema hivyo. Sasa nimsikie nani?"

Nikakata simu, nikanuna. Halafu aibu ikanishika, maana hata mimi bahasha zenye muhuri mwekundu wa HARAKA huzisukuma chini ya nyingine. Loo, nilikuwa namlaumu bure. Nikaandika upya, taratibu:

"Mzee, shikamoo. Jozi hii ni ya dereva anayepimwa macho kesho saa mbili asubuhi. Bila miwani anasimamishwa miezi mitatu. Mfuko wetu wa kupeleka miwani madukani, ambako ataichukua, unatoka hapa saa kumi na nusu jioni, na nahitaji saa moja kukata na kukagua. Lenzi zikifika kabla ya saa tisa na nusu, tumepona. Zikichelewa hapo hazitasaidia, kwa hiyo kama haiwezekani niambie sasa nitafute njia nyingine."

Mkono uliniwasha niandike saa saba, nijiwekee akiba. Nikajizuia. Nikimdanganya leo, siku nyingine atanisikiliza kwa nini?

Jibu halikuchukua dakika tano: "Marahaba. Pikipiki ina mzigo wa hospitali kwanza. Saa tisa kamili inatosha?"

"Inatosha kabisa, Mzee."

Saa tisa na dakika nne lenzi zilikuwa mkononi mwangu. Nikakata, nikasafisha kingo, nikapima namba mara mbili. Saa kumi na dakika nne miwani ikaingia kwenye mfuko, nami nikanywa chai yangu ikiwa imeshapoa.

Asubuhi yake, saa mbili na nusu, simu ikalia. Nilidhani ni dada. Alikuwa Mzee Stoo, mtu ambaye kwa miaka sita hajawahi kunipigia.

"Mama," akauliza, hata salamu kasahau, "dereva wetu amepita?"

"Bado sijapata habari, Mzee."

"Basi sikati simu. Tusubiri wote."