Faida ya Mteja wa Kwanza

Nianze kwa kujisifu, maana nikingoja mnisifu nyie tutakesha. Mimi ni Severa, nauza vyombo Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi: ndoo, mabeseni, makopo ya unga, chupa za chai. Miaka ishirini na mbili niko pale pale. Mnaoniita mkali, sawa, nimesikia. Lakini yule binti aliyeandika zile slaidi za kuweka akiba mnazotumiana kwenye simu ni wa kwangu, nimemzaa mwenyewe, na leo nasema.

Anaitwa Nice. Alipomaliza chuo nilimwambia aje dukani tusaidiane. Akagoma. Akasema anataka kuandikia watu matangazo ya Insta. Nikamuuliza, hiyo nayo ni kazi? Miaka miwili nikawa namwona kainamia simu, huku mimi nabeba mabeseni, na roho inaniuma kwelikweli. Majirani wakiuliza binti yako anafanya nini, nasema yupo yupo tu.

Halafu mwezi wa tatu akapata nafasi. Chama chetu cha akiba na mikopo, cha wafanyabiashara wa hapa hapa sokoni, kilikuwa kinatafuta mtu wa kuendesha ukurasa wake mwaka mzima, kwa mkataba. Anayeshughulikia mambo hayo ni Nirali, binti wa Kihindi aliyekulia kwenye duka la baba yake la vitambaa, mchapakazi, hana maringo. Alimpa Nice mtihani mmoja: slaidi saba, zifundishe tabia moja tu ya kuweka pesa, na kila slaidi iwe na mstari mmoja mfupi. Kulikuwa na kampuni moja ya matangazo kule mjini Posta nayo imeleta kazi yake, ina michoro na mishale. Bodi ingekaa Alhamisi saa sita, na itakayopita inarushwa siku hiyo hiyo. Nice akikosa, ameniahidi mwenyewe, anaingia dukani kuuza ndoo.

Mngedhani ningefurahi akikosa. Hata! Mtoto alikuwa halali kwa ajili ya mistari saba.

Alhamisi asubuhi akaja dukani, nimeshauza chupa moja ya chai. Akanipa simu. "Mama, soma. Nimeshamtumia Nirali, lakini nataka nione mtu wa dukani anasomaje."

"Ndiyo yote haya?" Maana kila picha ilikuwa na maneno mawili matatu, makubwa kama ya kwenye bango.

"Ndiyo yote. Mtu anasoma huku anahudumia mteja, Mama, na kioo cha simu kimepasuka. Mstari ukiwa mrefu anapita zake. Wa kwanza unamshika, kila mmoja unamvuta kwenye unaofuata. Sukuma na kidole."

Nikasukuma. Nazikumbuka zote.

*"Nitaweka kitakachobaki."*

*Jioni hakibaki kitu.*

Hapo nikasimama. Damu ikanipanda kichwani. Hayo maneno ya kwanza ni yangu! Kila jioni nikifunga duka nasema hivyo hivyo, kitakachobaki nitaweka. Nimeyasema tangu Nice yuko chekechea. Na mwaka alioitwa chuo hakikubaki kitu, mtoto akakaa nyumbani mwaka mzima, anawaona wenzake wanaondoka na mabegi. Sijawahi kulizungumza hilo na mtu.

"Umenianika," nikamwambia. "Umeenda kunianika Kariakoo nzima!"

"Sijaweka jina, Mama."

"Jina la nini? Hapa nani hajui ni neno la Mama Nice? Rajabu!" Rajabu anauza miavuli mlango wa pili. "Njoo usikie. Nani huwa anasema nitaweka kitakachobaki?"

"Si ni wewe," akajibu, wala hakuinua kichwa.

"Umeona? Toa. Kabla ya saa sita nataka iwe imetoka."

Nice machozi yakamlenga. Akasema ule mstari ukitoka, wa pili hauna pa kushika, kazi yote inakufa. Nikamwambia ife. Akasema, "Sawa, nitatoa." Nilitaka abishe, ajabu ya Mungu. Hakubisha. Nikaendelea kusukuma kwa hasira.

*Basi anza asubuhi.*

*Weka kando pesa ya mteja wa kwanza.*

*Funga kopo, endelea kuuza.*

"Weee! Nice! Hii nini hii?"

"Ipi tena?"

"Pesa ya mteja wa kwanza! Umeona chupa niliyouza sasa hivi? Elfu kumi na nane. Mimi mpaka inafika hapa imenigharimu elfu kumi na tano. Ukinifungia elfu kumi na nane kwenye kopo, chupa nyingine nitaileta kwa maji? Yangu pale ni elfu tatu tu! Hizo nyingine ni mtaji. Mtu akifuata maneno yako mwezi mmoja, rafu zinabaki na vumbi, halafu anakuja kukupiga."

Mtoto akainyakua simu yake. Amesoma mambo ya biashara miaka mitatu, hilo hakuliona, na kosa ni langu pia, maana sikuwahi kumkalisha kaunta. Akaanza kumpigia Nirali. Inaita, haipokelewi. Akapiga tena.

"Si utabadilisha baadaye?" nikamuuliza.

"Haibadilishwi, Mama. Ikisharushwa, maelezo ya chini unaweza kuyarekebisha, lakini maneno yaliyo ndani ya picha yanabaki hivyo hivyo. Labda uifute, na watakuwa wameshatumiana."

Saa yangu ilikuwa inasema tano na dakika ishirini na tano. Nikamwambia Rajabu aniangalizie duka, nikajifunga khanga kiunoni, tukatoka. Ofisi ya chama iko ghorofa ya tatu Mtaa wa Uhuru. Jua kali, mikokoteni imejaa barabarani, mimi mbele nawapangua watu, pisha, pisha jamani, Nice nyuma anarekebisha slaidi kwenye simu huku anatembea. Lifti mbovu. Ngazi zote hizo na magoti yangu haya, tunafika juu saa sita imeshapita.

Nirali alitufungulia mlango mwenyewe. "Shikamoo Mama Nice. Kuna nini? Simu nimeizima sauti, kikao kimeshaanza."

"Marahaba mwanangu. Tupitishe."

Ndani walikuwa watano, na mwenyekiti ni Mzee Mansukhlal, tajiri wa vitambaa, mzee mfupi wa miwani, anayejua bei ya kila kitu mpaka uzi. Mbele yake simu ya Nirali, kidole chake kiko palepale, slaidi ya nne.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Severa. Nani ameandika hii? Anataka watu wale mtaji?"

Mimi huwa sikosi maneno, lakini Nice alinitangulia.

"Nimeandika mimi, mzee. Nimekosea. Mama ndiye ameona, sasa hivi dukani. Nimesharekebisha, naomba muione hii." Akamwekea simu yake mbele. Sauti imenyooka. Mungu wangu, mbona sikujua ninaye mtoto wa namna hii!

Mzee akasoma kwa sauti: "*Weka kando faida ya mteja wa kwanza.*" Akavua miwani. "Faida yake tu?"

"Yake tu. Wateja wengine wote ni wa kuendesha duka: pango, umeme, ushuru, chakula. Huyu mmoja ni wa kwako."

"Na akiwa mdogo? Mtu amenunua kijiko?"

"Unaweka faida ya kijiko. Tunafundisha tabia, mzee, kiasi kitakuja chenyewe. Ukianza kuchagua mteja, utachagua mpaka jioni."

Mzee akacheka. Akasema kwao mauzo ya kwanza ya siku yana heshima, yanaitwa boni, baba yake alikuwa akiyagusa kwenye paji la uso kabla ya kuyaweka kwenye droo. "Lakini hatukuwahi kuitenga faida yake. Tungekuwa na ghorofa nyingine." Wenzake wakacheka pia. Halafu akasukuma kidole nyuma, taratibu, akarudi mwanzo.

"Ila hii sielewi. Mwanzo ni *Jioni hakibaki kitu.* Kitu gani? Ile ya kwenye simu ya Nirali ina mstari mwingine mbele. Kuna mtu anasema nitaweka kitakachobaki. Nilivyousoma ule nilijiona mimi. Kwa nini umeutoa?"

Nice akakodolea meza macho. Hakunitazama hata kidogo. Angeweza kusema mama amekataa, na ingekuwa kweli. Alisimama tu pale, midomo ameibana, analinda aibu yangu mbele ya watu watano huku kazi yake inamponyoka.

Nikaona haya. Haya kweli, ya kuingia chini ya meza.

"Mimi ndiye niliyemwambia autoe," nikasema. "Maana huyo anayesema hivyo ni mimi, Severa wa vyombo. Nimesema nitaweka kitakachobaki miaka ishirini na mbili, na mwaka alioitwa chuo huyu binti hakikuwepo kilichobaki. Alikaa nyumbani kwa ajili ya neno hilo. Rudisha, Nice. Rudisha mbele kabisa."

"Mama..."

"Rudisha nimesema! Unangoja saa saba?"

Akarudisha, palepale, wamekaa wote wanamwangalia. Nirali akahesabu saba, akazisoma tena moja moja, mpaka ile ya sita, *Kesho tena, mteja wa kwanza*, na ya mwisho inayosema *Hifadhi hii, mtumie jirani wa duka.* Ile ya Posta yenye mishale waliifungua, mzee mmoja akaomba aeleweshwe mshale wa tatu unaelekea wapi, ikafungwa. Saa sita na nusu slaidi za mwanangu zikapanda kwenye ukurasa wa chama.

Nirali alinieleza kwamba wao hawaangalii sana mioyo myekundu, wanaangalia wangapi wamehifadhi na wangapi wamemtumia mtu. Mimi niliangalia kitu kingine. Jioni ile ile nafunga duka, Rajabu ananijia na simu. "Mama Nice, nimetumiwa hii na shemeji yangu wa Ilala. Huyu wa kwanza si wewe?"

"Ndiye mimi," nikamwambia. "Na aliyeandika ni binti yangu. Mtumie na mwingine."

Mkataba alisaini wiki iliyofuata, malipo ya mwanzo akapewa. Kesho yake asubuhi nafungua duka, mlango hata haujaisha kupanda, mtu amesimama. Nice. Amevaa shati lililopigwa pasi.

"Mama, nataka chupa ya chai. Ya ofisini kwangu."

Nikamteremshia ile nyekundu, nzuri. "Elfu kumi na nane."

Nilimwangalia kama ataomba kupunguziwa. Hakuomba. Akahesabu elfu kumi na nane, akanipa kwa mikono miwili. Nami sikumpunguzia hata shilingi, mtu mzima na kazi yake nampunguzia kwa lipi? Nikatia kumi na tano kwenye droo. Kisha nikavuta kopo jipya la unga, lenye mfuniko wa kubana, nikatia elfu tatu ndani, mbele ya macho yake, nikafunga.

Akabaki anatazama kopo. Machozi yanamtoka, anacheka.

"Haya, ondoka mlangoni," nikamwambia. "Unazuia wateja."