Ubao wa Mashine ya Mama Asnath

Mpaka leo sijui tulipanda cheo siku ile au tulishuka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimimina mahindi kwenye mashine, unga umenijaa hadi kwenye nyusi, kwa hiyo nilikuwa karibu na kila kitu, na bado sielewi.

Mashine ilikuwa ya mama yangu, Asnath. Baba alipofariki alituachia injini ya dizeli, kinu cha chuma na mkanda uliochoka. Huku juu milimani hakukuwa na mashine nyingine. Watu wa chini walisagia Same mjini. Mama aliiendesha pamoja nami na kaka yangu Rubeni, na ndiyo iliyotulisha. Hatukuwa na kahawa wala ng'ombe wa kujivunia.

Mwaka ule, baada ya Azimio, afisa biashara wa Same alipeleka habari kwa wenye biashara wote: kila mmoja aandike kwa maneno machache biashara yake inafanya nini na kwa ajili ya nani, kisha atundike mahali pa wazi. Angekuja mwenyewe kusoma kabla ya kutoa leseni mpya.

Rubeni alikuwa ametoka semina ya chama. Akaandika maneno yetu kwa jioni moja, na Omari, fundi rangi, akayachora kwenye ubao mkubwa kwa rangi nyekundu:

MASHINE HII NI CHOMBO CHA WANANCHI WOTE. INAJENGA TAIFA KWA KUWATUMIKIA WANYONGE DAIMA NA KULETA MAENDELEO BORA.

"Mbona hakuna kusaga?" nikauliza.

"Kusaga kila mtu anakujua, Lukia," akasema. "Hapa tunazungumzia dira."

Mama aliutazama ubao kwa muda, akasema ni mzuri, ila haelewi nani analetewa nini. Ukatundikwa hivyohivyo.

Siku ya tatu, asubuhi, pembe ikalia. Kwetu pembe ikilia namna ile ni msaragambo, watu wote waje kwenye kazi ya pamoja: kuchimba mfereji, kuzibua ndiva, bwawa letu la maji ya mashamba, kutengeneza barabara. Nilichukua jembe nikatoka, nikashangaa kuwaona watu wanakuja kwetu. Walibeba mawe, miti, nyasi za kuezekea. Mbele yao alikuwa mjomba Tumainieli, mjumbe wa nyumba kumi.

"Shikamoo mjomba. Kuna nini?"

"Marahaba. Tunaongeza chumba cha kungojea. Wazee wananyeshewa na mvua hapa nje."

Mama alitoka na mikono ya unga, akaangalia watu, akaniangalia mimi. Akasema, "Nani amewaita?" Kila mtu alidhani anatania. Basi akafanya ambalo mama yeyote wa Kipare angefanya: akabandika makande kwenye sufuria kubwa. Watu walifanya kazi kwa nyimbo, chumba kikasimama, makande yakaliwa. Mama alilia kidogo kwa furaha. Na mimi nilifurahi, mjinga mimi.

Tulipokuwa tunakusanya sahani, Tumainieli akasema kwa upole, "Sasa tuchague kamati ya mashine, tupange zamu za kila ukoo, kama tunavyopanga za ndiva."

Mama akaketi chini palepale.

Hakuna aliyetuibia. Hilo ndilo lililonichanganya kichwa. Kwetu kitu kilichotiwa jasho la msaragambo ni cha waliokitia jasho, na zamu yake hupangwa na wote. Ubao wetu wenyewe ulisema chombo ni cha wananchi. Wananchi wakaja kukitunza. Wangefanya nini kingine? Nilitaka kumkasirikia mtu nikamkosa, nikaishia kumkasirikia Rubeni, ambaye alikuwa amekaa kwenye gunia, uso umemwiva.

"Ile ni lugha tu, mama," akasema. "Kila mahali wanaandika hivyo."

"Kama kila mahali wanaandika hivyo, afisa atajuaje kwamba amefika kwangu?" mama akamjibu. "Akija akasoma ni cha wote, ataandika ni cha wote. Na mimi nitakula nini?"

Afisa alikuwa anakuja Alhamisi. Mama alimwomba Tumainieli kamati isubiri hadi siku hiyo, naye akakubali, ingawa alikuna kichwa. Omari akapaka ubao rangi nyeupe. Tukakaa watatu mbele ya ule weupe, na ndipo nilipojua kwamba kuandika machache ni kazi kubwa kuliko kuandika mengi.

Rubeni akaanza na "Tunatoa huduma bora." Mama akauliza, "Bora kuliko ya nani? Mashine ni moja." Likafutwa. Mimi nikaleta "Tunamjali kila mteja." Mama akauliza nitamjalije, nikaona aibu. Likafutwa. Kisha akaweka masharti yake: tuandike jambo tunalolifanya kweli, ambalo mtu akituona hatulifanyi atatunyooshea kidole.

"Sasa nani atakubali kunyooshewa kidole?" Rubeni akauliza.

"Mimi," mama akasema.

Kila sentensi tulimsomea mama Esta, aliyekuwa akingoja unga wake, tukamwuliza ameelewa nini. Akielewa vingine, tunabadilisha. Tulipofika kwenye chumba kipya, tulibishana. Rubeni alitaka kisitajwe kabisa. Mama alikataa, akasema hawezi kulala chini ya uongo hata kama uongo wenyewe ni wa kukaa kimya. Omari akachora:

TUNASAGA MAHINDI NA MTAMA. ALIYETANGULIA HUSAGIWA KWANZA, AWE YEYOTE. UNGA WAKO HAUCHANGANYWI NA WA MWINGINE. MASHINE NI YA ASNATH NA WANAWE, IKIHARIBIKA TUNAITENGENEZA WENYEWE. CHUMBA CHA KUNGOJEA NI CHA WOTE WALIOKIJENGA.

Alhamisi afisa alifika, kijana wa suti ya kaunda, anahema kwa kilima. Alisoma, akazunguka nyuma ya ubao kama anatafuta mengine.

"Taifa liko wapi, mama?"

"Limekaa chumbani linangoja kusagiwa," mama akasema.

Watu wakacheka. Afisa hakucheka, lakini aliandika. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Tumainieli. Alisoma ubao taratibu, akarudia, akaingia chumbani, akakaa na gunia lake miguuni. Sikujua amekasirika au ameridhika.

Nyumbani hatukuwa na unga. Mama, kama alivyozoea miaka yote, aliinua debe letu la mahindi akaenda nalo moja kwa moja kwenye mashine. Tumainieli alikuwa anamtazama tu, na afisa naye, kalamu mkononi.

Mama alisimama. Akautazama ubao. Nikaona masikio yake yanabadilika rangi. Kisha akageuka, akaingia chumbani na debe lake, akaliweka nyuma ya magunia yote, akakaa mwisho wa benchi, kwenye chumba ambacho hakikuwa chake.

"Lukia," akaniita kwa sauti kali, "unangoja nini? Msagie aliyetangulia."

Aliyetangulia alikuwa Tumainieli. Akaniletea gunia lake, na nilipokuwa nalifungua akasema, bila kuniangalia, "Hakuna haja ya kamati."

Nikasaga. Mama alikaa benchi ile hadi watu wote walipoondoka na unga wao, njaa inamuuma, kwenye mashine yake mwenyewe. Nilipomchungulia nilishindwa kujua kama anatabasamu au anasaga meno.