Dakika Thelathini na Tano

Katika chumba cha majaribio cha kiwanda kimoja huko Taoyuan, laptopu ishirini zilikuwa zikichajiwa haraka na kutumiwa hadi chaji iishe, tena na tena, mwezi wa tatu sasa. Juu ya kabati waliweka pakiti ya kijani ya vitafunwa, hirizi ya mafundi wa huko ili mitambo isilete ukorofi. Wan-ju, mpimaji, alifungua mashine ya saba akakuta betri imefura mpaka imeinua kibodi.

"Mkuu, zimechajiwa mara mia tatu tu, na betri zimebaki na asilimia sitini na tisa ya uwezo wake."

Mkuu Liao hakuinama kutazama. "Zilipopimwa peke yake zilipita mia nane bila shida."

"Zilikuwa mezani, zinapigwa feni. Humu zimelala ubavuni mwa prosesa. Ukichaji haraka huku mtu anafanya kazi, zinafika nyuzi hamsini. Joto hilo ndilo linalozizeesha. Tupunguze kasi zikivuka arobaini na tano."

"Halafu zijae kwa saa moja na nusu? Maboksi yameshachapwa dakika thelathini na tano, dada. Mnunuzi dukani anauliza dakika, haulizi miaka."

"Atauliza mwaka ujao."

"Hatakuuliza wewe. Weka sahihi kwenye vipimo vya mezani."

Wan-ju akairudisha mezani kalamu aliyopewa. Liao akaichukua, akatia sahihi yake mwenyewe bila hasira, akamwambia azime majaribio.

Wan-ju akazichomoa laptopu moja moja. Zote zilikuwa za moto bado.