Kijiko cha Birika

Chumba chetu cha kuonjea kahawa kiko Kisondela, nyuma ya ghala la kikundi cha wakulima. Kina meza ndefu, jiko la gesi, mashine ya kusagia na mizani ndogo ya kielektroniki. Mwezi wa Agosti ukungu hupanda kutoka bondeni asubuhi na kukaa dirishani mpaka saa sita, na aliye ndani huwasha taa mchana.

Atuganile, mama mtu mzima, ndiye aliyekuwa mpishi wetu wa kahawa. Alifariki Aprili, mvua zikiwa kali, tukamzika mgombani kwake. Nafasi yake tulimpa Tulia wa Kyimo, mwanamke wa miaka thelathini hivi, aliyesomea kazi hiyo Mbeya. Mimi ni mwenyekiti wa kikundi. Vipimo vya Tulia nilivisoma mwenyewe nikavielewa. Kahawa ya kuchuja kwa koni ya karatasi ni gramu sitini kwa lita moja ya maji. Ya bakuli la kuonjea ni hamsini na tano. Ya kuloweka ndani ya birika huzidi kidogo, sitini na tano hadi sabini. Ya baridi, inayolala majini usiku kucha, hufika mia moja.

Wiki ile tulikuwa tunamsubiri Prosper, mnunuzi kutoka Mbeya. Kahawa yote ya msimu ilikuwa ghalani, na yeye ndiye pekee aliyekuwa tayari kuinunua kwa bei ya kahawa bora. Angeikataa, ingekwenda kuchanganywa na ya kila mtu. Wakulima walikuwa wameshaahidi ada za shule.

Siku alipoanza kazi, Tulia alichuja lita moja kwa koni. Nilimwona akipima sitini. Nilipoonja, ulimi ulikauka. Nilimwuliza kama mizani ni nzima. Alichukua chombo kitupu, akarudisha namba kwenye sifuri, akamimina lita ya maji. Mizani ikasema kilo moja.

Tukachuja tena. Ikawa kali vilevile.

Ndipo Tulia akafanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Aliyamwaga machicha kwenye sinia, akayakausha juu ya jiko kwa moto mdogo mpaka yakawa vumbi, akayapima. Alinieleza kwamba maji huondoka na karibu moja ya tano ya unga. Sitini zikipikwa vizuri, yanabaki machicha kama gramu arobaini na nane. Mizani ilionyesha hamsini na sita.

"Baba, hizi zilikuwa sabini," alisema.

"Umekosea kupima."

"Tuliangalia wote wawili."

Tukapima kopo la unga. Tulilipima kabla ya kazi, tukalipima na baada, na kila tulipopika lilikuwa limepungua gramu sabini. Tulia alicheka kidogo, akasema labda panya wa Kisondela nao wamesoma. Mimi sikucheka.

Kesho yake alipanga bakuli tano, kama mnunuzi anavyopangiwa. Katika kila moja aliweka gramu kumi na moja, akamimina mililita mia mbili za maji yaliyotoka kuchemka. Tulingoja, akavunja utando wa juu kwa kijiko, tukaonja kwa zamu. Nne zilikuwa kahawa yetu ninayoijua, tamu kama sukari guru, na uchachu kwa mbali. Ya tatu ilikuwa nyeusi kama lami. Tulia aliitema kwenye ndoo, akayakausha machicha yake, akayapima.

"Hii ina ishirini na moja," alisema. "Mnunuzi akikuta bakuli moja halifanani na wenzake, atasema kahawa yenu imechanganyikana. Hataonja tena."

Alirudia. Safari hii bakuli la tano ndilo lililoharibika. Aliweka kijiko chake cha kuonjea mezani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, kumi ni nini hapa? Kila mara ni kumi."

Nilikuwa najua. Nilikuwa najua tangu jana yake, ila sikupenda kulitamka neno lile chumbani mle.

Nikamweleza. Kabla ya kuja kwetu, Atuganile alipika chai miaka mingi kwenye nyumba ya wageni ya shamba la chai. Huko walifundishwa kuweka kijiko kwa kila kikombe, kisha kimoja cha birika lenyewe. Alipohamia kwenye kahawa hakuuacha ule mtindo. Tulimnunulia mizani, alipima sitini sawasawa, kisha akatia kijiko chake cha bati kilichojaa, gramu kumi hivi, akakigonga mara mbili ukingoni. Tulimwambia kahawa si chai. Alitujibu kwamba birika nalo lina kinywa, na kulinyima ni uchoyo. Kahawa yake ya koni ilikuwa kali siku zote, tukainywa kwa heshima.

"Na kijiko kiko wapi?"

"Binti yake alikiweka ndani ya jeneza."

Tulia aliangalia dirishani. Nje hakukuonekana hata mgomba. Nilitegemea atavua aproni na kurudi Kyimo, nami nisingemlaumu. Badala yake aliinama chini ya meza akavuta sanduku la vyombo vya zamani. Akatoa birika la bati la Atuganile, la buluu, lililobanduka rangi mdomoni.

"Tumekuwa tunapika bila birika," alisema. "Sasa kijiko akitie wapi?"

Prosper alifika na bodaboda, amelowa ukungu. Tulia alikuwa ameshapima bakuli zake tano, kumi na moja kila moja. Pembeni, mwisho wa meza, aliweka birika la buluu lenye gramu sitini, akalifunika. Prosper aliuliza la nini. Tulia akamwambia ni la kunywa baada ya kazi.

Prosper akanusa unga wa bakuli zote, akavua miwani. Tulia aligeuka kuchukua maji jikoni. Mimi nilikuwa namshikia Prosper koti lake, naye alikuwa anafuta miwani.

Tukasikia bati likigongwa. Mara mbili, taratibu.

Prosper aliinua macho. "Nani yuko huko?"

"Endelea tu, kaka," alisema Tulia, bila kugeuka. "Maji yamechemka."

Alimimina mia mbili kwenye kila bakuli, kisha lita moja kwenye birika. Tulingoja, akavunja utando. Prosper alivuta kijiko cha kwanza kwa kelele, cha pili, cha tatu. Nilimtazama koo. Akaonja bakuli la nne na la tano, akazunguka meza mara mbili, akarudi mwanzo.

"Zinafanana zote," alisema. "Naichukua kahawa yote."

Nilikaa kwenye benchi. Tulia alimchujia kikombe kutoka kwenye birika. Prosper alikunywa nusu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ya kuloweka hii ni nzuri kuliko ninayopika mimi. Umeweka sabini?"

"Nimeweka sitini."

"Ulimi wangu haudanganyi, dada. Hizi ni sabini."

"Sitini ni zangu," alisema Tulia, akamwongeza kahawa. "Kumi ni za mwenye birika."

Prosper alicheka, akidhani anataniwa. Kisha akatuangalia nyuso, mmoja baada ya mwingine, akaacha kucheka. Alimaliza kikombe akiwa amesimama, akaaga, na bodaboda ikapotea kwenye ukungu kabla mlio wake haujaisha.

Tulia aliosha birika, akalifuta, akalitundika kwenye msumari wa Atuganile. "Ndaga, mama," alisema, yaani asante. Nami nilikuwa wa mwisho kutoka. Nilikuwa nimeshaushika mlango niliposikia bati likigongwa tena ukutani, mara mbili. Sikugeuka. Niliufunga mlango na kushuka ngazi haraka kuliko umri wangu unavyoruhusu.