Daftari la Funguo

Walioinunua kampuni yetu ya lifti walikuja na mratibu wao wa mafundi, mwanamume mpole waliyemwita Shwari. Mratibu wa kwetu nilikuwa mimi. Tulikalishwa meza moja, simu mbili, tukaambiwa tupokee wateja wa lifti pamoja kwa miezi miwili, kisha atabaki mratibu mmoja. Nilimchukia tangu asubuhi ya kwanza, na alivyokuwa akiniuliza kama nimekunywa chai ndivyo nilivyozidi kumchukia.

Nilijua la kufanya. Majengo yote tuliyohudumia niliyaweka kwenye kompyuta yao kama walivyotaka: anwani, aina ya lifti, tarehe ya matengenezo. Ila mambo madogomadogo, kama nani anashika ufunguo wa chumba cha mashine, nikayaacha kwenye daftari langu mkobani. Mkate wangu ulikuwa humo, na sikuwa na haya.

Jumanne moja saa nne, bibi mwenye kisukari alikwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne. Shwari ndiye aliyepokea simu. Akamtuliza, akamwomba akae mbali na mlango, akatuma fundi wa kwao aliyekuwa karibu. Fundi akapiga kutoka juu: chumba cha mashine kimefungwa, mlinzi hajui ufunguo uliko.

Shwari akanigeukia. "Dada, hili lilikuwa jengo lenu. Ufunguo uko wapi?"

Nilinyamaza kidogo tu. Kidogo hicho bado kinanisuta.

"Kwa kinyozi wa chini. Droo ya mataulo."

Fundi akazima umeme, akaachia breki kwa mkono, kidogo kidogo, mpaka lifti ikafika usawa wa ghorofa ya tatu. Bibi akatoka ameloa jasho, akidai juisi. Nikatoa daftari, nikamsomea Shwari ukurasa kwa ukurasa, naye akachapa mpaka jioni. Hakuuliza kwa nini nilikuwa nimelificha.

Miezi miwili ilipoisha, kiti kikaenda kwake. Mimi nikapewa kuwafundisha mafundi wapya, kazi nzuri, ila si yangu. Shwari alirudi kutoka kwa bosi macho chini.

"Bosi aliniuliza kama wateja wenu naweza kuwahudumia bila wewe. Nikasema naweza, maana ulinipa kila kitu. Dada, ungeninyima, kiti kingekuwa chako."

"Na bibi wa watu?"

"Ndiyo hapo."

"Basi nyamaza, kaka."

Nilitaka kumtukana, machozi yakaniwahi. Nilimpenda yule mtu, ndilo lililoniudhi zaidi. Simu ya upande wangu ikalia, nami nilikuwa bado najifuta uso. Shwari akanyoosha mkono, akaipokea kwa jina la kampuni yetu ya zamani, ambalo bosi alikuwa amelipiga marufuku juzi tu, akalitamka lote, polepole, bosi akiwa amesimama mlangoni.