Nafasi Moja ya Mhasibu Msaidizi

Afisa utumishi wa kiwanda cha magodoro alikuwa mwanamke wa kusema kidogo, na wafanyakazi walimwita Kanuni, kwa heshima akiwapo na kwa kebehi akiondoka. Tangazo la mwisho la kiwanda, kabla yeye hajaajiriwa, lilikuwa na maneno manne: "Mhasibu anahitajika, tuma maombi." Yalikuja maombi ya kujaza stoo. Waliomba mafundi cherehani, madereva, hata mganga mmoja wa mifugo. Aliyechukuliwa mwishowe alikuwa mtu wa mtu, na alipoondoka aliacha hesabu zilizomchosha mhasibu mkuu hadi akaota mvi.

"Safari hii niandikie tangazo ambalo hata mwizi akilisoma ajue hatufai," mhasibu mkuu alimwambia. Mzee huyo walimwita Senti, kwa kuwa hakuwahi kuiacha hata moja ipotee bila maelezo.

Walikaa pamoja mchana mzima. Majukumu waliyaeleza moja moja: kuandaa hati za malipo na kuhakikisha kila moja ina kiambatisho chake, kuingiza miamala kwenye mfumo siku ileile, kutunza fedha za matumizi madogo, kuandaa makato ya mishahara, na kila mwisho wa mwezi kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Kwenye sifa, Kanuni alifuta "uzoefu wa miaka mitano".

"Kazi ya chini, halafu unataka mtu mwenye miaka mitano? Hiyo miaka aipate wapi kama kila mtu anaitaka?" aliuliza.

Mzee Senti alicheka. Wakaandika: shahada au stashahada ya uhasibu, uzoefu ni nyongeza, si sharti.

Sehemu ya mwisho ndiyo Kanuni aliyoipenda zaidi. Ilisema kutakuwa na kamati ya watu watatu, na mtihani wa vitendo ambao karatasi zake zitakuwa na namba badala ya majina. Ilitaja hata mada: hati za malipo, makato ya mishahara, na ulinganisho wa benki. Asiyefikisha alama sitini kwa mia hataitwa kwenye usaili. Mwenye ndugu kiwandani aseme mapema, na ndugu huyo asihusike na uamuzi. Hakuna malipo yoyote. Kila mwombaji atajibiwa, aliyepata na aliyekosa.

Mkurugenzi alilisoma akasaini. "Refu kama wasia," alisema, "lakini safi."

Sasa, Kanuni alikuwa na mdogo wake wa kiume. Baba yao alifariki kijana yule akiwa bado shule ya msingi, na dada ndiye aliyemsomesha mpaka akapata shahada ya uhasibu. Tangu amalize chuo alikuwa akilala sebuleni kwa dada yake, godoro akilikunja asubuhi na kulisukuma nyuma ya kochi. Mchana alizunguka na bahasha. Jioni alirudi nayo, imekunjamana zaidi. Alikuwa na mchumba, mwalimu wa chekechea, ambaye wazazi wake walikuwa wameanza kuuliza maswali ya adabu yenye miiba ndani.

Kijana aliliona tangazo lililobandikwa nje ya geti la kiwanda. Alirudi nyumbani anapiga mluzi.

"Dada, sasa Mungu ametukumbuka."

"Omba," Kanuni alisema. "Sifa unazo. Lakini andika kwenye barua kwamba mimi ni dada yako. Na mimi natoka kwenye kamati."

"Sawa, sawa. Tutaandika." Alikonyeza jicho.

"Sikutanii. Sijui maswali. Mzee Senti ndiye anayeyatunga na ndiye anayeyasahihisha. Soma ulinganisho wa benki, umeandikwa pale kwenye tangazo."

"Nimekuelewa, dada yangu. Nimekuelewa kabisa."

Hakuwa ameelewa. Au tuseme alielewa kama walivyoelewa wenzake wote waliozunguka na bahasha: kwamba tangazo ni pazia, na nyuma ya pazia mtu ameshakaa kwenye kiti. Mara ngapi alikuwa ameitwa kwenye usaili akamkuta mshindi tayari anaonyeshwa meza yake? Safari hii, kwa mara ya kwanza, mtu wa nyuma ya pazia angekuwa yeye. Maneno ya dada aliyachukua kuwa maneno ya mtu anayejikinga, ya kusemwa ili yasikike. Jioni zile, badala ya kufungua madaftari ya chuo, alikwenda kukaa kwa wakwe watarajiwa, akawaambia kazi iko mkononi, zimebaki taratibu tu.

Kanuni aliondoka kwenye kamati kwa barua, na nafasi yake ikachukuliwa na mkuu wa mauzo. Siku ya mtihani hakukanyaga hata ukumbi wa chakula ulikofanyika. Alikaa ofisini kwake akipanga mafaili ya likizo ambayo yalikuwa yamepangika.

Matokeo aliletewa na Mzee Senti mwenyewe. Alifunga mlango kwanza.

"Mdogo wako amepata hamsini na mbili."

Kanuni alisukuma pembeni faili la likizo.

"Makato amefanya vizuri sana. Amejikwaa kwenye benki. Hundi ambazo hazijapelekwa benki, yeye amezitoa kwenye daftari letu la fedha. Sasa zilishatolewa pale siku zilipoandikwa! Za kupunguzwa kwenye salio la benki, yeye kazipunguza mara ya pili kwetu. Ada za benki hata hakuziona." Mzee alivua miwani. "Ni kosa la mtu ambaye hakurudia kusoma. Siyo la mtu asiyejua. Hilo ndilo linaloniuma."

"Jina lake lilikuwa limefunikwa ulipokuwa unasahihisha?"

"Lilikuwa limefunikwa."

"Basi andika barua yake kama za wengine."

Jioni ya siku barua zilipotoka, alimkuta kijana ameketi kwenye kochi, barua imefunguliwa mapajani. Ilikuwa na sahihi yake yeye Kanuni, maana barua zote za utumishi alisaini yeye.

"Hii ni nini, dada?"

"Ni majibu."

"Nayaona. Nakuuliza wewe."

"Nilikwambia usome."

"Uliniambia!" Kijana alisimama. "Kila mtu anasema hivyo! Nani kwenye nchi hii anabandika tangazo na kumaanisha alichoandika? Ungeniambia, mdogo wangu, mimi namaanisha, ningekesha. Ningesoma mpaka macho yatoke damu."

"Nilikwambia sikutanii."

"Ulisema kama ofisa. Hukusema kama dada."

Alikunja godoro ingawa ilikuwa jioni, akalifunga kwa kamba, akaondoka nalo kichwani kwenda kwa rafiki yake.

Mama yao alipiga simu kabla ya chakula. Hakusalimia. "Umemnyima mtoto wa baba yako."

"Mama, sikuwa kwenye kamati."

"Ndiyo kosa lenyewe. Ulitoka ili iweje? Mtu akiwa na ndugu ndani, nje hapigwi na mvua. Wewe umefunga mlango na ufunguo umeumeza."

"Alipata hamsini na mbili, Mama."

"Mwanangu hana namba. Ana jina." Akakata simu.

Aliyepata kazi alikuwa binti mpole asiye na mtu yeyote kiwandani. Wiki yake ya kwanza alifika ofisini kwa Kanuni kuleta vyeti, akasimama mlangoni akisitasita.

"Madamu, naweza kukwambia kitu? Nilikuwa nimeacha kabisa kuomba kazi. Nilipoona mmeandika mpaka mada za mtihani, nikasema hawa ama ni wendawazimu ama ni wakweli. Nikasoma."

"Karibu sana," Kanuni alisema, na akainamia mafaili haraka kuliko ilivyohitajika. Kauli ile ilimfaa kama dawa chungu: alijua inaponya, lakini koo lilikataa.

Huenda angeishi na hilo. Mtu anaweza kuumia kwa jambo la haki na bado akalala. Lakini kabla mwezi haujakwisha, Mkurugenzi alimwita ofisini. Pembeni alikaa kijana mwenye viatu vipya, akicheza na simu.

"Huyu ni mtoto wa kaka wa mke wangu. Anaanza kesho ghala la malighafi, msaidizi wa msimamizi. Mwandalie mkataba."

"Nafasi hiyo hatujaitangaza, Mkurugenzi."

"Ni ya dharura."

"Amesomea nini?"

Kijana aliinua macho kutoka kwenye simu, akayarudisha.

Mkurugenzi alitabasamu kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko ukali. "Mama, tangazo lako la mhasibu nimelisifu hadi kwenye bodi. Nimewaonyesha wenye benki. Wamefurahi. Pale penye pesa panahitaji kanuni. Huku ni magunia tu. Usifanye kila kitu kiwe mtihani."

Kanuni alisimama pale. Alifikiria kusema: mimi mdogo wangu analala sakafuni kwa watu. Alifikiria kodi ya nyumba, na dawa za mama ambazo bado alizituma hata baada ya kukatiwa simu. Kisha akatoka, akaandaa mkataba. Mshahara wa msaidizi wa ghala, alipoujaza, ulizidi wa mhasibu msaidizi.

Habari ya namna hiyo haifichiki. Mpakiaji mmoja alimwambia mwenzake, mwenzake alikuwa jirani wa rafiki wa kijana, na Jumapili kijana akaja kwa dada yake. Hakuingia. Alisimama kizingitini.

"Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na mkataba umeuandika wewe?"

"Nimeuandika mimi."

Kanuni alitarajia matusi. Kijana alitikisa kichwa tu, kama mtu aliyemaliza hesabu na jibu limetoka lilelile.

"Unajua, nilikuwa nakuja kukuomba msamaha," alisema. "Nilikaa nikawaza, dada alisema kweli, mimi ndiye niliyezoea uongo. Nikarudi kwenye vitabu. Ulinganisho wa benki sasa naufanya nimefumba macho. Nikasema nitakwenda nimwambie, dada, ulinitendea haki." Alitazama barabarani. "Kumbe haki yenu ni ya sisi tu tusio na mtu. Na mimi nilikuwa naye."

"Ingia ndani. Tule."

"Wamekataa," alisema. "Wazazi wa mchumba wangu. Wamesema mtu anayedai kazi iko mkononi na mkono uko mtupu, kesho atadai nini." Alisema bila sauti ya kulalamika, kama anayetaja hali ya hewa. "Naondoka kesho. Kuna jamaa ana duka la vifaa vya ujenzi, mbali huko. Hataki vyeti. Anataka mtu wa kubeba mabati, na jioni amsaidie kuandika mauzo."

"Subiri kidogo. Nitatafuta—"

"Usitafute, dada."

Ndipo alipomwamkia kwa heshima, salamu aliyoiruka alipofika, shikamoo ileile aliyokuwa akimpa tangu utotoni. Dada akaitikia marahaba, kwa kuwa ndilo jibu pekee alilobaki nalo. Kijana akashuka ngazi.

Jumatatu Mkurugenzi alipeleka ujumbe kwamba fundi wa mashine ya kukata sponji anastaafu, na kwamba tangazo liandikwe, refu na safi kama lile. Kanuni alifungua kompyuta. Aliandika majukumu, akaandika sifa. Alipofika kwenye utaratibu wa uteuzi, aliondoa mikono kwenye kibodi, akaiweka mapajani, akakaa hivyo mpaka mtu alipobisha hodi.